Kutoka Asha hadi Mashaka: namna ya kulifuata jina mpaka asili yake

Ukiuliza maana ya jina Mwanaisha katika mtaa wowote wa pwani, hutakosa majibu, na kila mwenye jibu atakupa kwa uhakika. Mmoja atasema ni mtoto wa mwisho, kwa kuwa mama alisema uzazi umekwisha. Mwingine atasema ni mtoto aliyezaliwa wakati wa sala ya isha. Wa tatu, ambaye pengine amesoma orodha ya majina mahali, atasema ni maisha. Wote watatu wanasikiliza sauti ya jina jinsi linavyotamkwa leo, kisha wanatafuta neno la Kiswahili linalofanana nalo. Njia hiyo ndiyo inayowapoteza watu wengi, kwa sababu jina lililotoka katika Kiarabu limeshabadilika mara kadhaa kabla ya kufika kinywani mwetu. Sauti tunazozisikia ni mabaki ya sauti nyingine.

Kazi yenyewe haihitaji mtu awe mwanachuoni. Inahitaji subira, kamusi moja au mbili, na mtu aliyesoma chuoni anayeweza kukuandikia jina kwa herufi za Kiarabu. Tuanze na huyo huyo Mwanaisha.

Kwanza kusanya sura zote za jina ambazo familia inazitumia. Mara nyingi msichana mmoja ana majina matatu: lile la cheti cha kuzaliwa, lile la nyumbani, na lile bibi yake analotumia anapomwita kwa upole. Kwa Mwanaisha utapata Mwanaasha, Mwanaesha, Asha, Esha na Aisha. Zipange sura hizo pamoja na mara moja utaona kwamba Mwana ni kipande kinachovuliwa na kuvaliwa. Ukikivua unabaki na Asha, Esha au Aisha. Katika Mwanaisha, a ya mwisho ya Mwana na a ya kwanza ya Aisha zimeungana, ndiyo maana sikio linasikia “isha” na kusahau kilichomezwa.

Mwana hapa hamaanishi mtoto. Ni neno la heshima ambalo watu wa pwani, hasa wa kaskazini kuanzia Lamu na Pate, walimtanguliza nalo mwanamke mwungwana, kama tunavyosema Bibi au Bi. Mshairi Mwana Kupona binti Mshamu, aliyeishi karne ya 19, aliitwa hivyo akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa hiyo Mwanaisha ni Bi Aisha, na swali letu limepungua ukubwa. Tunatafuta Aisha tu.

Sasa linakuja jambo ambalo, kwangu mimi, ndilo kiini cha kazi yote. Kiarabu kina sauti inayobanwa ndani ya koo, herufi yake inaitwa aini. Waswahili walipoyachukua maneno ya Kiarabu sauti hiyo hawakuwa nayo, wakaiacha. Lakini haikuondoka kila mahali bila kuacha alama. Ilipokuwa mwanzoni mwa neno ilipotea kabisa: Ali, Omari, Athumani, Isa na Abdala yote yanaanza kwa aini katika Kiarabu, na hakuna herufi ya Kiswahili inayokuonyesha hivyo. Ilipokuwa katikati, mara nyingi iliacha irabu mbili zinazofuatana. Neno “maana” lenyewe lina aini pale kwenye aa. Vivyo hivyo taabu, Ijumaa, neema, na jina la Saada. Ukikutana na irabu mbili za namna hiyo katika jina lenye sura ya Kiarabu, shuku kwamba aini ilikuwa hapo. Si sheria isiyovunjika, maana Kiswahili kina irabu pacha zake chenyewe, kama katika kaa na faa, lakini ni dalili nzuri.

Aisha linaanza kwa aini. Hapo ndipo unapomhitaji aliyesoma chuoni, au karatasi. Cheti cha ndoa kilichoandikwa na kadhi wa zamani, daftari la madrasa, maandishi ya kaburini, barua ya babu iliyoandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu: chochote kati ya hivyo kitakuonyesha jina kabla halijapita mikononi mwa karani wa serikali. Utaona limeandikwa kwa aini, alifu, hamza, shini, na ta ya kike mwishoni.

Ukishapata herufi unatafuta mzizi. Maneno ya Kiarabu yamejengwa, kwa sehemu kubwa, juu ya konsonanti tatu zinazobeba wazo, na irabu zinazoingia kati yake hubadilika kufuatana na sura ya neno. Ndiyo sababu unapofuatilia jina usizitegemee irabu. Waswahili waliziongeza ili silabi zisiishie kwa konsonanti, na waliziegemeza huku na huku: Rahma likawa Rehema, Fatima likawa Fatuma. Konsonanti ndizo zilizodumu.

Kamusi kubwa za Kiarabu zimepangwa kwa mizizi, si kwa herufi ya kwanza ya neno. Inayotumiwa sana na wanafunzi ni ya Mjerumani Hans Wehr, iliyotoka mwaka 1952 na kufasiriwa kwa Kiingereza mwaka 1961. Ukiifungua kwa Aisha utakwama kidogo, kwa sababu konsonanti zinazoonekana wazi ni aini na shini tu. Ya tatu iko wapi? Ikikupungukia konsonanti moja, karibu kila mara iliyojificha ni wau au ya, kwa kuwa herufi hizo mbili ni dhaifu na hugeuka alifu au hamza kulingana na jirani zake. Ijaribu moja, kisha nyingine. Aini, wau, shini haitakupa jina hili. Aini, ya, shini itakupa: kuishi, kuwa hai.

Hapo ndugu wa jina wanaanza kujitokeza. Kitenzi chetu “kuishi” kimetoka katika mzizi huo, na neno “maisha” pia. Kwa hiyo yule wa tatu aliyesema Mwanaisha ni maisha alikuwa jirani sana. Na yule wa sala ya isha? Mkaguzi wake ni mzizi. Isha ya sala inaanza kwa aini na inayo shini, lakini herufi yake dhaifu ni wau na iko mwishoni, na wazo lake ni jioni, giza la mwanzo wa usiku. Ni mzizi mwingine kabisa. Kuhusu “kwisha” na “umekwisha”, hilo ni neno la Kibantu lisilo na uhusiano wowote na Kiarabu. Maneno matatu yamekutana katika sauti moja, na kila moja lilitoka kwake.

Bado hatujamaliza, kwa sababu mzizi unakupa wazo tu. Maana kamili inakuja kwenye umbo. Kiarabu hutengeneza jina la mtendaji kwa kuweka a ndefu baada ya konsonanti ya kwanza na i baada ya pili. Tunalijua umbo hilo vizuri kwa kuwa tumejaa majina yake: Salimu, Rashidi, Kasimu, Halidi, Swalehe. Kasimu ni mwenye kugawa, Rashidi ni mwenye kufuata njia iliyonyooka, Salimu ni aliyesalimika. Likiwa la mwanamke linaongezewa a mwishoni. Aisha ni umbo hilo hilo. Basi tafsiri yake si “maisha”. Ni mwanamke aliye hai, anayeishi. Tofauti inaonekana ndogo lakini ina uzito kwa mzazi: jina linamtaja mtoto mwenyewe na kumwombea adumu, halitaji kitu kinachoitwa uhai.

Umbo la pili la kulijua ni la mtendwa, linaloanza kwa ma na kuwa na u karibu na mwisho. Mansuri ni aliyenusuriwa, Mahmudi ni aliyesifiwa, Masudi ni aliyejaaliwa heri. Mtu akiyashika maumbo haya mawili ataweza kuyasoma majina mengi ya mtaani kwake, mradi mzizi ameupata sawasawa.

Na kuupata mzizi sawasawa ndiko kunakosumbua, kwa sababu aini siyo sauti pekee tuliyoipoteza. Angalia herufi h. Kiswahili sanifu kina h moja. Kiarabu kina sauti tatu tofauti zilizoangukia humo. Hamisi, Hamidu na Hashimu yanaonekana kuanza sawa, kumbe kila jina lina herufi yake. Hamisi lina kha, ile ya kukwaruza. Hamidu lina ha inayotoka kooni, inayofuata jimu katika alfabeti. Hashimu lina ha nyepesi iliyo karibu na mwisho wa alfabeti. Ukikosea herufi hapa, kamusi itakupa mzizi ulio halali kabisa lakini wa neno jingine, na hutajua kwamba umepotea kwa sababu jibu litaonekana limekamilika.

Msaada wa karibu ni tahajia ya Zanzibar. Mwaka 1930 ilipoundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kusanifisha Kiswahili, lugha ya maandishi iliendelea kuelekea kwenye h moja, na huku bara tukazoea kuandika Hamisi na Hadija. Visiwani watu wengi bado wanaandika Khamis, Khadija, Khalfan na Khatib, na wanaandika Hamad, Hamid na Hassan bila k. Basi kama unaitwa Halfani na hujui h yako ni ipi, mtafute mwenye jina lako Unguja au Pemba uone anavyoliandika.

Ukienda upande wa pili, bara zaidi, sauti zimesogea tena. Mashariki ya Kongo utakutana na Ramazani na Asumani. Ni Ramadhani na Athumani wetu: dh imekuwa z, na th imekuwa s, kama zilivyokuwa katika vinywa vya wengi wasiozizoea sauti hizo. Kwa hiyo z ya jina la Kongo inaweza kuwa dh ya pwani, na hiyo dh ya pwani nayo inaweza kuwa mojawapo ya herufi tatu za Kiarabu. Rudi nyuma hatua moja moja. Anayeruka kutoka Ramazani moja kwa moja hadi kamusi ya Kiarabu atatafuta mzizi wenye zai, na atarudi mikono mitupu au, vibaya zaidi, na kitu kisicho chake.

Mfano mmoja wa historia unaonyesha vizuri jinsi mizizi miwili inavyoweza kukaa bega kwa bega. Mtawala wa Omani na Zanzibar aliyefariki mwaka 1856 anatajwa katika vitabu vyetu kama Seyyid Said bin Sultan. Mtu akisikia haraka atadhani neno limerudiwa. Seyyid ni cheo, maana yake bwana, na katikati ya mzizi wake mna wau dhaifu. Said ni jina lake, na katikati ya mzizi wake mna aini. Maana yake ni mwenye heri, mwenye furaha. Mzizi huo wa pili ndio uliotuletea pia Masudi, Sudi na Saada, na ndio uliomo ndani ya “saidia” na “msaada”.

Mpaka hapa tumefuata majina yaliyotufikia yakiwa majina. Aisha lilikuwa jina la mtu Uarabuni kabla halijawa jina la mtu Mombasa au Bagamoyo, na hali ni hiyo kwa Said, Kasimu na Hashimu. Lakini kuna kundi la pili, nalo linahitaji njia nyingine. Ni maneno ya Kiarabu yaliyoingia Kiswahili yakiwa maneno ya kawaida, yakakaa, yakatumika sokoni na nyumbani, kisha Waswahili wenyewe wakayafanya majina ya watu. Shida, Tabu, Riziki, Bahati, Zawadi, Baraka, Neema. Kwa majina haya kamusi ya Kiarabu ni ya pili. Ya kwanza ni ya Kiswahili, kwa sababu mzazi aliyemwita mtoto wake Tabu hakuwa anawaza Kiarabu hata kidogo. Tabu kwa Kiarabu ni uchovu. Kwa Kiswahili taabu ni dhiki, na dhiki ndiyo aliyotaka kuisema.

Kupima jina liko kundi gani si vigumu. Jiulize kama neno hilo linatumika katika sentensi ya kawaida ya Kiswahili kwa maana inayoeleweka. Riziki linatumika, Kasimu halitumiki. Kipimo kingine ni dini ya wanaolibeba. Neema, Baraka, Zawadi na Bahati ni majina ya Wakristo wengi wa Kivu, Burundi na Tanzania bara, ambao hawakuyapata kwa njia ya Kiarabu wala Uislamu. Waliyapata kwenye Kiswahili.

Jina la kundi hili linalonivutia kuliko yote ni Mashaka. Lipo sana Tanzania, kwa wanaume na wanawake, na karibu kila mtu akiulizwa atasema ni wingi wa shaka: mtoto wa wasiwasi, mtoto ambaye watu walikuwa na mashaka naye. Wenye jina wenyewe wamesikia hivyo mara nyingi na wengine wanaona haya. Hebu tulifuate.

Kwa Kiswahili chetu ma ya mwanzo ni ya wingi, kama shamba na mashamba, hivyo shaka na mashaka yanalingana vizuri. Kwa Kiarabu hata hivyo ma inaweza kuwa sehemu ya umbo la neno moja, kama tulivyoona kwa Mansuri. Tena Kiarabu kina sauti mbili ambazo sisi tunazitamka k: kafu ya kawaida, na ile kafu nzito inayotokea nyuma kabisa ya mdomo, ambayo ndiyo ya Kasimu. Weka mambo hayo mawili pamoja na utaona milango miwili. Kwa kafu ya kawaida kuna shakk, yaani kutokuwa na yakini, na hapo ndipo tulipopata “shaka” na “bila shaka”. Kwa kafu nzito kuna mashaqqa, neno moja lililo kamili na ma yake, lenye maana ya mateso, ugumu, tabu inayomchosha mtu. Mzizi wake una wazo la kupasua na kulemea.

Ni lipi kati ya hayo liko ndani ya jina? Tazama matumizi. Wazee wakisema mtu amepata mashaka, au safari ilikuwa ya mashaka, hawasemi kwamba alikosa yakini. Wanasema aliteseka. Kamusi za Kiswahili nazo zinampa mashaka maana ya taabu na shida. Halafu tazama jina limesimama na akina nani: Shida, Tabu, Matatizo. Ni majina ya watoto waliozaliwa wakati wa njaa, msiba, ugonjwa wa mama, au baada ya wazazi kuzika watoto wengine. Mashaka ni ndugu wa majina hayo. Uamuzi wangu ni kwamba jina linatoka kwenye kafu nzito, na kwamba mtu anayeitwa Mashaka anabeba kumbukumbu ya magumu ambayo wazazi wake waliyavuka, wala hakuna aliyemtilia shaka.

Lakini ni lazima kusema pia kwamba k mbili zilipokuwa moja, maneno haya mawili yaliingiliana katika Kiswahili chenyewe. Tunaposema “hakuna mashaka” leo tunaweza kumaanisha hakuna wasiwasi au hakuna tatizo, na msikilizaji hatofautishi. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, ambayo ina faida kubwa ya kuonyesha asili ya Kiarabu ya maneno kadha wa kadha, inafaa kusomwa na mtu aliye macho kwa jambo hili: neno moja la Kiswahili linaweza kuwa na baba wawili. Kwa hiyo ukitaka maana ya jina la Mashaka fulani, na si ya majina yote ya Mashaka, mwulize aliyelitoa.

Hapo ndipo kamusi zinapokomea. Khadija, kwa Kiarabu, linatokana na mzizi unaohusu kuzaliwa kabla ya wakati, hasa mwana wa ngamia. Hakuna mzazi wa Tanga au Malindi anayemwita bintiye Hadija akiwa na wazo hilo. Anamkumbuka Bibi Khadija, mke wa kwanza wa Mtume, au anamrudisha bibi yake mwenyewe aliyeitwa hivyo. Hamisi nalo kwa Kiarabu ni la tano, siku ya tano ukihesabu kuanzia Jumapili. Lakini Mswahili ambaye wiki yake inaanza Jumamosi ameshaifikia tano siku moja kabla, kwenye Jumatano, na kwake Hamisi ni aliyezaliwa Alhamisi tu. Ukimwambia jina lake ni “wa tano” utakuwa umesema ukweli wa Kiarabu na kosa la Kiswahili.

Kwa hiyo ukifuatilia jina, andika majibu mawili badala ya moja: neno lilimaanisha nini lilikotoka, na aliyelitoa alimaanisha nini. La kwanza linaweza kungoja, kamusi haziendi popote. La pili liko kwa wazee, na katika karatasi zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu ambazo watoto na wajukuu wengi hawawezi kuzisoma na mara nyingi huzitupa nyumba inapohamwa. Kama nyumbani kwenu kuna cheti cha ndoa cha namna hiyo, au orodha ya vizazi nyuma ya msahafu, kipige picha wiki hii, na umwombe mzee anayesoma hati hizo akuandikie kila jina herufi kwa herufi.